Nalala, Napumzika, na Bado Nimechoka: Maswali na Majibu

Nina miaka 36, nauza mitumba hapa Nakuru. Tangu mwaka uanze naamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha, hata Jumapili nikilala hadi saa nne. Nilipimwa wingi wa damu, Hb ikatoka 12.4, nikaambiwa damu iko sawa, nipunguze mawazo. Je, ni mawazo tu?

Dada yangu, mawazo huchosha kweli, lakini kwa nambari hiyo singekuruhusu uende nyumbani bado. Mpaka wa Hb wa 12 kwa mwanamke asiye mjamzito umewekwa kwa mtu anayeishi karibu na usawa wa bahari. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ya huku ina oksijeni pungufu, na mwili huziba pengo hilo kwa kutengeneza himoglobini zaidi, ndiyo hiyo Hb inayobeba oksijeni kwenye damu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba anayeishi kati ya mita 1,500 na 2,000 apunguziwe 1.1 kabla ya kulinganishwa na mpaka huo. Ukitoa 1.1 kwenye 12.4 unabaki na 11.3. Mwenzako wa Mombasa mwenye 12.4 yuko sawa. Wewe una upungufu wa damu, ingawa ni mdogo.

Hata kama ungekuwa juu ya mpaka, bado kuna jambo ambalo Hb haiwezi kukuambia. Fikiria nyumba yenye ghala la mahindi. Mavuno yakikosekana, ugali hautapungua mezani siku hiyo hiyo, kwa sababu mama ataendelea kuchota ghalani. Mgeni akiangalia sahani ataona nyumba imeshiba, kumbe ghala limebaki vumbi. Hb ni ile sahani. Ghala la madini ya chuma hupimwa kwa kipimo kingine, feritini, na huisha miezi kadhaa kabla ya Hb kushuka. Misuli nayo hutumia chuma, kwa hiyo mtu huanza kuchoka wakati karatasi ya Hb bado inasema yuko salama. Omba upimwe feritini.

Kwani nitajuaje ni chuma? Mimi nimetibiwa taifodi mara tatu mwaka huu, kila mara napata nafuu ya wiki moja halafu narudi palepale.

Hadithi hiyo naisikia kila wiki na inaniuma. Kipimo cha Widali kinachotumika sana huku kinaweza kuonyesha taifodi kwa sababu ya maambukizi ya zamani yaliyokwisha. Taifodi huja na homa inayodumu siku nyingi. Mtu aliyechoka miezi minane bila homa hapaswi kumezeshwa antibiotiki mara tatu kwa sababu ya kipimo hicho peke yake.

Upungufu wa chuma una alama zake. Unapanda ngazi za ghorofa mbili na moyo unadunda kama uliyekimbia. Nywele zinabaki kwenye kitana. Miguu inakosa utulivu usiku, unataka kuisogezasogeza. Na kuna alama moja ambayo wanawake wengi huificha kwa aibu: hamu ya odowa, yale mawe ya kula yanayouzwa sokoni, au hamu ya kutafuna barafu au mchele mbichi. Hiyo si tabia mbaya. Mara nyingi ni mwili uliopungukiwa na chuma, na hamu hiyo hupotea ghala likijaa. Ubaya wa odowa ni kwamba udongo wenyewe unaweza kushika chuma cha chakula tumboni kisifyonzwe.

Swali kubwa zaidi ni chuma kinapotelea wapi. Kwa mwanamke wa umri wako, jibu la kwanza ni hedhi. Hedhi ni nyingi ikiwa inazidi siku saba, ikiwa unavaa pedi mbili kwa pamoja, ikiwa pedi inajaa kwa saa moja au mbili, au mabonge yanatoka makubwa kama sarafu ya shilingi ishirini. Wengi huona ni kawaida kwa sababu mama zao walikuwa hivyo. Mwambie daktari hata asipokuuliza.

Feritini imetoka 9. Ninapata hedhi siku nane, na odowa nakula. Nilipewa vidonge vya chuma, vikanifunga choo na kunitia kichefuchefu, nikaacha. Sasa nakunywa juisi ya biti kila asubuhi. Itatosha?

Haitatosha. Mtu mzima mwenye afya huhesabiwa kuwa amepungukiwa na chuma feritini ikiwa chini ya 15, kwa hiyo kwa 9 ghala lako ni tupu. Na ukipimwa ukiwa na malaria au maambukizi mengine, feritini hupanda kwa uongo, kwa hiyo 9 haina utata. Biti ni nyekundu kama damu lakini ina chuma kidogo. Managu na terere vina zaidi, ila chuma cha mboga hufyonzwa kwa shida. Cha nyama, maini na omena hufyonzwa vizuri zaidi. Vyote hivyo husaidia ghala lisiishe tena. Kulijaza lililo tupu ni kazi ya vidonge.

Vidonge vilikushinda pengine kwa sababu ulimeza vingi. Kidonge kimoja cha kawaida cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina karibu miligramu 65 za chuma chenyewe. Ukishakimeza, ini hutoa homoni inayofunga mlango wa chuma kwenye utumbo kwa takriban siku nzima. Kidonge cha pili na cha tatu siku hiyo hiyo huukuta mlango umefungwa, na chuma kinachobaki tumboni ndicho kinachokusumbua. Zungumza na daktari kuhusu kumeza kimoja tu kwa siku, au leo kimoja, kesho unaruka. Watu wengi huvumilia hivyo bila shida. Mjamzito asibadilishe ratiba aliyopewa kliniki.

Kimeze tumbo likiwa tupu pamoja na maji au juisi ya chungwa. Adui mkubwa wa kidonge hiki nyumbani kwetu ni chai, na najua kusema hivyo Nakuru ni jambo zito. Majani ya chai hushika chuma, na maziwa nayo huzuia. Chai ya saa nne ibaki, lakini iwe angalau saa moja baada ya kidonge, ikiwezekana mbili. Choo kitageuka cheusi na hilo ni la kawaida. Ukishindwa kabisa tumbo likiwa tupu, meza na chakula kidogo kuliko kuacha.

Hb ikisharudi sawa usisimame. Endelea kama miezi mitatu mingine, kwa sababu sahani hujaa kabla ya ghala. Na weka vidonge juu, mahali mtoto hafiki. Vinafanana na peremende, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Nimefuata kwa miezi mitatu. Hb ni 13.6, odowa siitamani tena, ngazi napanda. Lakini bado uchovu upo, nasikia baridi hata wengine wakitoa sweta, ngozi imekauka, choo ni kigumu, nimeongeza kilo sita na hedhi bado ni nzito.

Asante kwa kurudi. Chuma kimefanya kazi yake: 13.6 ukitoa 1.1 ni 12.5, uko juu ya mpaka. Yaliyobaki yanaelekeza kwenye tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, inayoongoza kasi ya mwili mzima. Ikilegea, kila kitu hupunguza mwendo: joto, utumbo, moyo, fikra. Watu wengi humjua mgonjwa wa thairoidi kwa uvimbe wa goita, lakini tezi inaweza kulegea shingo ikiwa laini kabisa.

Angalia jinsi mambo mawili yalivyofungamana kwako. Thairoidi iliyolegea huweza kufanya hedhi kuwa nzito, na hedhi nzito humaliza chuma. Chuma nacho kinahitajika na tezi hiyo ili itengeneze homoni yake. Usingechunguzwa tezi, ungejaza ghala huku panya wakilimaliza.

Kipimo ni TSH, damu kidogo ya mkononi. Hiyo ni sauti ya ubongo ikiiamuru tezi ifanye kazi, kwa hiyo tezi ikizembea sauti hupanda. Maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4 hivi. Ikiwa imepanda kidogo tu, sita au saba, daktari anaweza kuirudia baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kukuanzishia dawa, maana wakati mwingine hushuka yenyewe. Kama unameza vitamini za nywele zenye biotini, sema mapema na uziache angalau siku mbili kabla ya kupimwa. Zinaweza kuharibu matokeo.

TSH ni 24, nimepewa dawa ya thairoidi, levothairoksini. Naweza kumeza pamoja na chuma asubuhi niwe nimemaliza?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona zaidi. Chuma hushika dawa hiyo tumboni isifyonzwe vizuri. Meza levothairoksini ukiamka, kwa maji matupu, kisha ngoja nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Chuma kiende angalau saa nne baadaye, au usiku kabla ya kulala.

Usitegemee mabadiliko wiki ya kwanza. TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, na kipimo cha dawa hurekebishwa hapo. Usiongeze mwenyewe ukidhani utapungua kilo haraka, kwani ikizidi huufanya moyo kwenda mbio. Ukigundua una mimba, nenda kliniki wiki hiyo hiyo, kwa sababu mahitaji ya dawa huongezeka mapema. Na hedhi ikibaki nzito hata TSH ikirudi sawa, fanyiwa skani ya mji wa mimba kutafuta uvimbe.

Mume wangu ana miaka 52, anapakia mizigo, naye analalamika uchovu. Hb yake ni 11. Nimpe vidonge vyangu vilivyobaki?

Usimpe, tafadhali. Mwanamume hana hedhi, na kwa mwanamume 11 iko chini sana hata kabla ya kutoa chochote. Kama ni chuma kimepungua, kwa umri wake lazima tuulize damu inavuja wapi, na mara nyingi ni tumboni: kidonda, au uvimbe wa utumbo ambao ukipatikana mapema hutibika. Vidonge vinaweza kumpandishia Hb na kumpa nafuu ya uongo. Tena vitafanya choo kiwe cheusi, na choo cheusi kinachonata kama lami kwa mtu asiyemeza chuma ndiyo alama tunayoitafuta. Akiwa nacho, au akizimia, au akikosa pumzi ameketi, aende hospitali siku hiyo hiyo. Wanaobeba mizigo humeza diklofenaki na brufeni kila jioni kwa ajili ya mgongo, na dawa hizo huchimba tumbo. Aende na pakiti zote anazotumia, hata za dukani, azionyeshe, na aombe uchunguzi wa tumbo kwa kamera.