Wiki ya tano baada ya msiba, unamsalimiaje?

Mimi ni mshauri nasaha, wafiwa ndo watu nnaokaa nao karibu kila siku, na wengi wananiambia siku ya kuzika haikuwa ngumu kama ile wiki turubai limeshushwa, viti vya kukodi vimerudi kwa mwenyewe, ndugu wa mkoani wamepanda basi na nyumba iko kimya. Halafu mnakutana dukani, unamwambia "habari za siku nyingi?"

Sasa habari kwetu jibu lake limeshapangwa, ni nzuri au salama, hata mgonjwa anajibu "nzuri kidogo". Mfiwa naye anasema "salama tu" kwa mazoea ya mdomo, na wewe unaondoka ukijua ameshapoa. Anza na pole. Watu wanadhani tanga likishaanuliwa au arobaini ikishasomwa pole imeisha, wakati ile ya msibani alipewa na umati wa watu na wengi hata hawakumbuki. Mwambie "pole tena", kisha muulize kitu kidogo ambacho hakijibiki kwa salama: jana ulipata usingizi? Jioni unakula na nani siku hizi?

Kuna mama mmoja alifiwa na mwanae wa kwanza, mtaa mzima ulikuwa unamwita Mama Fulani kwa jina la huyo mtoto. Baada ya mazishi majirani wakaanza kumwita "dada", wengine wakahamia jina la mtoto wa pili, yani kwa huruma tu, wasimtoneshe kidonda. Akaniambia, nimezika mtoto na jina langu wamelizika. Wiki ya sita muuza genge akamwita kwa jina lile lile, "Mama Fulani, nikufungie mchicha?" Akalia pale pale, muuzaji akaomba radhi, ila mama anasema siku hiyo ndo alipika kwa mara ya kwanza tangu msiba. Sio kila mtu atapenda, so muulize tu taratibu, "bado nikuite Mama Fulani?"

Akilia usikimbilie "jikaze" wala "kazi ya Mungu haina makosa", hata kama unaiamini, kwa sababu inamnyamazisha. Kaa naye. Kulia wiki ya tano sio ugonjwa, hata mwongozo wa magonjwa wa WHO unasubiri angalau miezi 6 kabla ya kuita huzuni tatizo la kutibiwa. Ila akisema "natamani nimfuate", muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mfike hospitali siku hiyo hiyo.

Na mjane aliye edani, miezi 4 na siku 10, huyo hutakutana naye dukani, itabidi wewe ndo uende. Usimwambie "ukihitaji chochote nipigie" maana hatapiga. Mwambie Alhamisi baada ya alasiri ntakuja, na kilo ya sukari ntakuja nayo, halafu Alhamisi hiyo uende kweli.