Filamu moja, milango mitano: dhana potofu kuhusu alama za umri

Mwishoni mwa mwaka 2013 Martin Scorsese alitoa The Wolf of Wall Street, hadithi ya dalali wa hisa wa New York anayelewa pesa, ngono na dawa za kulevya kwa muda wa saa 3 hivi. Marekani iliipa alama ya R. Uingereza ikaipa 18, Ujerumani 16, Ufaransa 12. Nchini Kenya, Januari 2014, bodi ya filamu ikaipiga marufuku moja kwa moja.

Mtu akiiona orodha hiyo mara ya kwanza hucheka, kisha hukumu inafuata: ama Wafaransa hawana haya, ama Wakenya wamezidi. Tatizo ni kwamba tunazisoma namba hizi kana kwamba zote zimetoka kwenye kipimajoto kimoja.

Dhana: namba ikiwa kubwa, mlango ni mgumu zaidi

Ukweli ni kwamba namba peke yake haisemi mlango unafungwaje. Tuchukue mama mwenye watoto wawili, wa kiume miaka 15 na wa kike miaka 9, tumfikishe nao kwenye kila ukumbi mwaka ule.

New York, R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Kwa hiyo mama akikata tiketi tatu, hata yule wa miaka 9 anaingia, isipokuwa ukumbi wenyewe uwe na kanuni yake. Wa miaka 15 akija peke yake ndiye atakayerudishwa.

Paris, mambo yanageuka. Namba 12 ya Ufaransa ni katazo lisilo na mlango wa nyuma: mama akiwepo asiwepo, wa miaka 9 haingii. Kaka yake wa miaka 15 anaingia mwenyewe, bila kuulizwa mama yuko wapi.

London hakuna mtoto anayeingia, kwa sababu 18 ya kule haijali umefuatana na nani. Berlin nako wote wanabaki nje. Wajerumani wanamruhusu mzazi kuingia na mtoto wa kuanzia miaka 6 kwenye filamu ya 12, lakini msamaha huo haufiki kwenye 16. Nairobi, mama mwenyewe haingii.

Kwa hiyo Marekani, ambayo alama yake inaonekana kali, ndiyo pekee kati ya hizo tano ambako mtoto wa miaka 9 angeweza kuitazama ukumbini. Ndiyo maana nikiulizwa nchi gani ni kali huwa nauliza kwanza: kali kwa nani, kwa mtoto au kwa mzazi?

Dhana: alama zote hutolewa na serikali

Alama za Marekani hutolewa na chombo cha tasnia yenyewe, kilichoanza kazi mwaka 1968, na wanaopiga kura ni wazazi wa kawaida ambao wengi wao majina yao hayatangazwi. Hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mtayarishaji kupeleka filamu yake huko. Kinachomsukuma ni biashara: kumbi kubwa huikwepa filamu isiyo na alama, na hukwepa vilevile NC-17, ambayo haimruhusu mtoto hata akiwa na mzazi. Mkurugenzi hukata sekunde chache hapa na pale mpaka NC-17 igeuke R.

Uingereza, BBFC, chombo kinachotoa alama za filamu huko, si idara ya serikali, ila leseni za kumbi zinaipa nguvu alama yake, na halmashauri ya mji ina mamlaka ya kuibadilisha. Ufaransa kibali hutolewa na waziri wa utamaduni baada ya kusikiliza kamati ambayo ndani yake wamo hata vijana wa miaka 18 hadi 24. Kenya kazi hiyo ni ya bodi ya serikali, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa, kwani bodi hiyo haiulizi tu filamu itamfanya nini mtoto. Inauliza pia kama inavunja adabu ya umma, na swali hilo linamhusu mtu wa miaka 40 sawasawa na wa miaka 14. Mwenye kujibu swali hilo kwa “ndiyo” hatafuti namba tena.

Dhana: tusi ni tusi popote

Laiti ingekuwa hivyo. Filamu ya The King's Speech ya mwaka 2010 inamhusu Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyekuwa na kigugumizi. Haina ngono wala damu. Ila kuna mahali mwalimu wake wa kuzungumza anamtaka atukane ili ulimi ulegee, na mfalme anamwaga matusi mfululizo kama mtoto aliyefunguliwa.

Marekani kuna kanuni ya kuhesabu: lile tusi kubwa la Kiingereza likitamkwa mara moja kama neno la hasira, filamu inaweza kubaki PG-13, alama iliyo chini ya R, ambayo huwaonya tu wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Likizidi, kwa kawaida inapanda R. Mfalme alizidi, akapata R, na rufaa ikagonga mwamba. Mwaka 2011 wasambazaji walitoa nakala ambayo sauti ya baadhi ya matusi imezimwa, nayo ikapewa PG-13.

Waingereza nao walianza na 15. Msambazaji alipokata rufaa, walishuka hadi 12A, ambayo inamruhusu hata aliye chini ya miaka 12 akiwa na mtu mzima. Hoja ilikuwa kwamba matusi yale hayamlengi mtu, ni sehemu ya tiba. Mmoja alihesabu maneno, mwingine akatazama yametamkwa kwa nini. Binafsi naona Waingereza walikuwa sahihi, ingawa kuhesabu kuna faida yake: mtayarishaji anajua mstari uko wapi kabla hajawasha kamera.

Dhana: kama alama zinatofautiana, basi ni maoni tu yanayotofautiana

Wakati mwingine hata filamu yenyewe si ileile. The Wolf of Wall Street ilionyeshwa Umoja wa Falme za Kiarabu ikiripotiwa kupungua takriban dakika 45, huku matusi yakizimwa sauti. Aliyeitazama Dubai na aliyeitazama Paris wakibishana kama inastahili 12, wanabishana juu ya vitu viwili. Tena wa Dubai huenda akalalamika kwamba hadithi inarukaruka, asijue kwamba aliyeirusha si Scorsese.

Namna rahisi ya kukagua ni urefu. Tovuti ya BBFC huandika muda wa kila filamu na kama kuna kilichokatwa, na The Wolf of Wall Street kamili ni dakika 180 hivi. Lakini angalia mtego mmoja kwenye diski za zamani za Ulaya: zilikuwa zikicheza picha 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, na mwendo huo peke yake unaishusha filamu ya dakika 180 hadi karibu 173 bila hata tukio moja kuondolewa. Pengo la dakika 7 lisikutie wasiwasi. Likifika dakika 45, kuna mtu alishika mkasi.