Kujali wote sawa au kupenda kwa ngazi: Mozi na Mengzi

Mozi, mwanafalsafa wa Uchina wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliona kwamba vita, wizi na uonevu vina chanzo kimoja: kila mtu anajali nafsi yake, ukoo wake na nchi yake tu. Fundisho alilolitoa huitwa jian ai, kuwajali watu wote bila kubagua. Hakumwambia mtu awatupe wazazi wake. Kuwaheshimu wazazi kulikuwa miongoni mwa mambo aliyotaka yastawi.

Hoja yake mashuhuri ni hii. Askari anakwenda vitani, hajui kama atarudi. Wazazi na watoto amwachie rafiki anayejali walio wake tu, au yule anayemtunza mzazi wa mwenzake kama wake? Hata mpinzani wa fundisho hili, asema Mozi, atamchagua wa pili. Hoja ina nguvu, lakini ina ufa: askari anachagua hivyo kwa kuwa anawapenda watu wake kuliko wengine. Inathibitisha kwamba tungependa wengine wasibague. Haithibitishi kwamba sisi wenyewe tuache kubagua.

Mengzi, mfuasi wa Konfusio katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alishika upande wa pili. Kwake upendo una ngazi: walio wako kwanza, kisha watu wote, kisha viumbe vingine. Yi Zhi, mfuasi wa Mozi, alitaka kumwona. Mengzi akauliza kupitia mtu wa kati: shule ya Mozi inahimiza maziko ya gharama ndogo, mbona Yi Zhi aliwazika wazazi wake kwa fahari? Yi Zhi akajibu kwamba upendo hauna ngazi, ila utekelezaji wake huanza na wazazi.

Mengzi hakukubali. Je, kweli mtu humpenda mtoto wa jirani sawasawa na mtoto wa ndugu yake? Kisha akasimulia juu ya watu wa kale waliotupa maiti za wazazi mtaroni. Walipopita tena wakakuta mbweha wanazila na nzi wamezijaa, jasho likawatoka usoni, wakarudi nyumbani kuchukua vikapu na majembe ili wazifukie. Jasho hilo halikuwa la kuonyesha watu. Yi Zhi alipoelezwa, alinyamaza kitambo, akasema amefundishwa.

Mimi naona Mengzi alionyesha upendo unaanzia wapi, lakini kisa hicho hakisemi upendeleo ukomee wapi. Swali hilo aliulizwa kwingine: Shun, mfalme wa kale, angefanya nini kama baba yake angeua mtu? Alijibu kwamba Shun asingemzuia hakimu kumkamata. Angeutupa ufalme, ambebe baba yake mgongoni kwa siri, akaishi naye pwani ya bahari. Kumficha baba anaruhusiwa, ila si kwa mamlaka ya kiti, na gharama anailipa yeye mwenyewe. Jamaa za aliyeuawa wapate haki kwa nani, Mengzi hasemi.