Nanovolti chache si kelele chache: opampu, kona ya 1/f na ukinzani wa kihisi

Wanaonijia hapa Mbeya na vifaa vya kupimia shambani wengi huanza na sentensi moja: "Fundi, nimeagiza opampu yenye kelele ndogo kuliko zote, lakini bado namba zinarukaruka." Nikiuliza ni ipi, jibu karibu kila mara ni LT1028. Ni opampu nzuri sana. Imewekwa tu pasipo pake.

Dhana: Opampu yenye nanovolti chache zaidi ndiyo itakayotulia kwenye kihisi chochote.

Hii ndiyo inayonichosha, kwa sababu inakula pesa za watu. Opampu, yaani chipu inayokuza ishara ndogo ya kihisi, ina kelele za aina mbili. Ya volti huonekana hata ukiunganisha ingizo na ardhi. Ya mkondo hupita kwenye ukinzani wa kihisi na kugeuka volti hapo. Kihisi chenyewe nacho kina kelele ya joto ya ukinzani wake. Zote tatu hujumlishwa kwa miraba:

```
e² = en² + (in·Rs)² + 4kT·Rs
```

Hapa en ni kelele ya volti, in ni ya mkondo, Rs ni ukinzani wa kihisi, k ni namba ya Boltzmann na T ni joto kwa kelvini. Chukua kihisi cha thamopaili kinachopima joto la majani ya chai usiku wa baridi Mufindi, chenye ukinzani wa kΩ 100. Kelele yake ya joto ni nV 40 kwa kila √Hz, na hiyo huikwepi kwa opampu yoyote. LT1028 inaongeza nV 1 hivi ya volti, ambayo hapa haionekani kabisa. Tatizo ni mkondo. Kwenye 1 kHz ni pA 1, lakini kwenye 10 Hz datashiti inaonyesha pA 4.7. Zidisha kwa kΩ 100 upate nV 470. Jumla ni kama nV 472.

Weka OP07, ambayo watu huidharau kwa sababu ni ya zamani. Kwenye 10 Hz volti yake ni nV 10.3 na mkondo wake pA 0.32, yaani nV 32 kwenye kihisi hicho. Jumla ni nV 52. Opampu yenye kelele ya volti mara kumi zaidi imekupa kipimo kilichotulia mara tisa zaidi.

Mteja hunijibu kwamba kona ya 1/f ya LT1028, yaani masafa ambayo chini yake kelele huanza kupanda, ni 3.5 Hz tu, kwa hiyo kwenye 10 Hz yuko salama. Hiyo ni kona ya volti. Mkondo una kona yake, na kwenye LT1028 iko karibu na 250 Hz. Joto la jani hubadilika polepole, kwa hiyo kipimo chote kiko chini ya kona hiyo, mahali ambapo kelele ya mkondo huzidi kupanda kadiri masafa yanavyoshuka. Kwenye datashiti, tafuta mchoro wa mkondo kabla ya kusifu mchoro wa volti.

Kuthibitisha mezani ni rahisi. Toa kihisi, unganisha ingizo na ardhi kwa waya, upime kelele kwenye tokeo. Kisha ondoa waya, weka resista ya filamu ya chuma ya kΩ 100, upime tena. Kwa LT1028 tofauti itakuwa kubwa mno. Wengi hupima kwa waya pekee, wakaona utulivu wa ajabu, wakafunga boksi na kulipeleka shambani.

Dhana: Kona ya chini maana yake opampu tulivu.

Kona ni mahali ambapo kelele ya 1/f inalingana na kelele bapa ya masafa ya juu, basi. Opampu mbili zikiwa na 1/f sawa kabisa, ile yenye kelele bapa mara mbili itaonyesha kona iliyo chini mara nne, na bado ndiyo mbaya zaidi. Soma kelele kwenye masafa ya kihisi chako.

Dhana: Kwa kuwa ukinzani bora ni en/in, ongeza resista hadi uufikie.

Tafadhali usifanye hivi. Uwiano huo hukusaidia kuchagua opampu inayofaa kihisi ulichonacho. Mizani ya majani mabichi ya chai kule Rungwe inayotumia selimzigo, yaani kihisi cha uzito, ya Ω 350 ndiyo mahali pa LT1028: kwenye 10 Hz jumla ni nV 3.1 hivi, huku OP07 ikitoa nV 10.6. Ukiongeza Ω 500 mfululizo, ishara haikui hata kidogo, ila umeleta kelele ya joto ya resista hiyo na kuupa mkondo njia ndefu zaidi ya kugeuka volti.

Dhana: Kihisi cha ukinzani mkubwa, weka opampu yoyote ya FET.

Ni kweli kelele ya mkondo ya opampu yenye transista za FET kwenye ingizo karibu haipo. Lakini zile za bei rahisi kona yao ya volti huwa juu, kwa hiyo angalia nanovolti zake kwenye 10 Hz. Kwa thamopaili yetu, ikibaki chini ya nV 33 inaishinda OP07. Ikipita nV 33, baki na OP07.