Shule 61,000 za Indonesia: je, ni kweli ndizo zilizopandisha mishahara?

Mwaka 2001 Esther Duflo, ambaye mwaka 2019 alishirikiana na Abhijit Banerjee na Michael Kremer kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha makala kuhusu mpango wa serikali ya Indonesia uliojenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kati ya mwaka 1973 na 1979 kwa fedha za mafuta. Dai lake ni kwamba shule hizo ziliongeza miaka ya masomo ya watoto waliozikuta, na kwamba masomo hayo ya ziada yalipandisha mishahara yao walipokuwa watu wazima, kwa kati ya asilimia 6.8 na 10.6 kwa kila mwaka mmoja wa shule. Hapa Moshi makala hii huletwa mezani kwangu na wanafunzi wa uzamili, na pia na maofisa wa mashirika yaliyoko Arusha wanaotaka kuiga muundo wake, na karibu wote huanza kwa kuniuliza kuhusu hizo asilimia. Mimi huwaomba tuanze na jedwali lenye visanduku vinne, kwa sababu dai zima limejengwa juu yake.

Data ni za sensa ndogo ya mwaka 1995, na wanaochunguzwa ni wanaume waliozaliwa kati ya 1950 na 1972. Wilaya zimegawanywa katika makundi mawili: zile zilizopata shule nyingi kuliko ambavyo idadi ya watoto wao ingetabiri, na zile zilizopata chache. Wanaume nao wamegawanywa kwa umri waliokuwa nao mwaka 1974. Waliokuwa na miaka 2 hadi 6 walizikuta shule mpya wakati wa kuanza darasa la kwanza, ilhali waliokuwa na miaka 12 hadi 17 walikwisha kupita umri wa shule ya msingi, au walikuwa ukingoni, kwa hiyo shule mpya hazikuwasaidia kitu. Wastani wa miaka ya masomo katika wilaya zilizopata nyingi ni 8.02 kwa wakubwa na 8.49 kwa wadogo. Katika wilaya zilizopata chache ni 9.40 kwa wakubwa na 9.76 kwa wadogo.

```
(8.49 - 8.02) - (9.76 - 9.40) = 0.12
```

Ukipiga hesabu kwa tarakimu hizi zilizokadiriwa utapata 0.11, ile 0.12 imetokana na desimali kamili za mwandishi. Hii ndiyo tofauti ya tofauti. Wilaya zilizopata shule nyingi zilikuwa nyuma kielimu na zimebaki nyuma, lakini pengo limepungua kwa takriban moja ya nane ya mwaka mmoja wa masomo. Kulinganisha wilaya kwa wilaya pekee kungetuonyesha kwamba shule nyingi huenda pamoja na elimu ndogo, jambo ambalo si la kushangaza, kwa kuwa serikali ilizielekeza shule kule ambako watoto wengi hawakuwa wameandikishwa. Kulinganisha wadogo na wakubwa pekee kungehesabu kama matunda ya shule hizo maendeleo yote yaliyotokea nchini katika kipindi hicho. Kuondoa tofauti moja kutoka nyingine kunafuta yote mawili, kwa sharti moja tu: kwamba bila mpango huo, makundi mawili ya wilaya yangesonga mbele kwa mwendo ule ule.

Sharti hilo halithibitishwi moja kwa moja, kwa sababu Indonesia isiyojenga shule hizo haipo popote pa kwenda kuipima. Linachoweza kufanyiwa ni majaribio ya kuliangusha. Duflo alirudia hesabu ile ile kwa makundi mawili ambayo hayakuguswa kabisa na mpango, yaani waliokuwa na miaka 12 hadi 17 na waliokuwa na miaka 18 hadi 24. Kama wilaya zile zilizokuwa nyuma zilikuwa zimeshaanza kuwafikia wenzao kabla ya shule kujengwa, tofauti ingejitokeza hapo. Alipata 0.034 kwa masomo, ambayo ni ndogo mno kuhesabika, na 0.007 kwa mishahara. Wasomaji wengi huridhika hapa na kufungua ukurasa unaofuata, na ni hapa hasa ninapowashauri wangoje kidogo.

Tazama upande wa mishahara. Kwa kipimo cha logi, ambacho 0.01 ni takriban asilimia moja ya mshahara, wadogo katika wilaya zilizopata shule nyingi wako nyuma ya wenzao wa wilaya nyingine kwa 0.12, ilhali wakubwa wako nyuma kwa 0.15. Pengo limepungua kwa 0.026 baada ya desimali kuwekwa sawa, na dai linasema ni kazi ya shule. Lakini kumbuka kwamba mishahara yote imepimwa mwaka mmoja, 1995, wakati wadogo wana umri wa miaka 23 hadi 27 na wakubwa wana miaka 33 hadi 38. Katika soko la ajira, mwenye shahada na mwenye elimu ya darasa la saba hawaachani sana kwa kipato wakiwa na miaka ishirini na kitu. Wanaachana kadiri miaka ya kazi inavyosonga, kwa sababu ngazi ya mshahara ya msomi hupanda kwa kasi zaidi. Kwa hiyo pengo la kipato kati ya wilaya yenye wasomi wengi na wilaya yenye wasomi wachache lingekuwa dogo miongoni mwa vijana na kubwa miongoni mwa watu wazima hata kama isingejengwa shule hata moja. Sharti la mwendo sambamba linavunjwa na umri wenyewe, tena kwa upande unaolisaidia dai.

Hoja hii si yangu. Mtafiti David Roodman aliiandika mwaka 2022 katika mapitio marefu ya makala hiyo. Nyongeza yangu ni kwamba lile jaribio la makundi yasiyoguswa haliwezi kuikamata vizuri, kwa kuwa linawalinganisha watu wa miaka 33 hadi 38 na watu wa miaka 39 hadi 45, umri ambao ngazi nyingi za mishahara zimekwisha kupunguza mwinuko. Jaribio linaweza kufaulu huku kasoro ikiwa iko palepale, imejificha katika miaka ya mwanzo ya kazi.

Sasa tufike kwenye nyenzo. Swali la awali lilikuwa kama shule zilibadilisha chochote. Swali la pili ni mwaka mmoja wa masomo una thamani gani katika mshahara. Huwezi kuwalinganisha tu waliosoma na wasiosoma, maana waliosoma huenda walikuwa na wazazi wenye uwezo au juhudi ambazo zingewapa kipato kizuri kwa vyovyote. Unatafuta nyenzo, yaani kitu cha nje kinachowasukuma baadhi ya watu kusoma zaidi bila wao kuchagua, na hapa kitu hicho ni kuzaliwa katika wilaya iliyopata shule nyingi, katika mwaka unaofaa. Kisha unagawanya athari yake kwa mshahara kwa athari yake kwa masomo. Kwa tarakimu za jedwali letu, 0.026 kwa 0.12 inatoa takriban 0.22, yaani asilimia 22 kwa mwaka mmoja wa shule. Ni kubwa kupita kiasi, na Duflo mwenyewe haitegemei: kosa sanifu la ile 0.12, yaani kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ni 0.089, kwa hiyo kigawanyo chenyewe hakiko mbali na sifuri. Makadirio yake rasmi yanatumia wilaya zote, idadi halisi ya shule kwa kila watoto 1,000 na kila mwaka wa kuzaliwa peke yake, na ndiyo yaliyoleta zile asilimia 6.8 hadi 10.6.

Nyenzo inadai masharti mawili ambayo sipendi yachanganywe. La kwanza ni kwamba shule zisiguse mshahara kwa njia nyingine yoyote isipokuwa masomo. Hapa Duflo alifanya kazi nzuri. Alitumia wilaya ya kuzaliwa badala ya wilaya anakoishi mtu, ili waliohamia Jakarta wasivuruge hesabu, na alidhibiti mpango wa maji na usafi wa mazingira ambao serikali iliuendesha miaka ile ile. Hata hivyo, mshahara unaonekana kwa walioajiriwa tu, ambao ni chini ya nusu ya wanaume wote katika data, na kama shule ziliwatoa watu shambani na kuwaingiza ajirani, basi walioajiriwa wa kundi la wadogo si watu wa aina ile ile na walioajiriwa wa kundi la wakubwa.

Sharti la pili ni nguvu. Nyenzo ikisukuma masomo kidogo tu, unagawanya kwa namba iliyo karibu na sifuri, na kosa dogo popote linavimba katika jibu. Vipande vya nyenzo vikiwa vingi, kama kila mwaka wa kuzaliwa peke yake, jibu huelekea kuvutwa kuelekea ulinganisho ule ule wa kawaida wa waliosoma na wasiosoma uliokuwa ukiukimbia. Roodman aliwahesabu waliozaliwa wilaya moja kama watu wenye bahati moja, kwa maana ukame au soko la wilaya huwagusa wote pamoja, akakuta kwamba nyenzo ni dhaifu. Alipotumia mbinu zinazostahimili udhaifu huo, makadirio yalibaki juu ya sifuri lakini upana wake ukawa mkubwa. Na kwa mbinu nyingine isiyotegemea mwendo sambamba kwa namna hiyo, yaliinama kidogo chini ya sifuri.

Hukumu yangu ni kwamba sehemu ya kwanza ya dai, kuwa shule ziliongeza masomo, inastahimili vizuri zaidi kuliko ya pili, kwa sababu miaka ya masomo ya mtu mzima haibadiliki kwa kuwa ana 25 au 35, na hivyo tatizo la ngazi ya mshahara haliigusi. Zile asilimia za mshahara ninazichukua kama makisio yenye mwelekeo, ambayo ukubwa wake haujajulikana.

Wanaotaka kuiga muundo huu Tanzania wanakutana na ugumu mwingine. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka elimu ya msingi kwa wote nchi nzima ifikapo Novemba 1977, hivyo tofauti ya kiwango kati ya wilaya na wilaya inabidi itafutwe katika pengo lililokuwapo kabla, na Kilimanjaro, yenye shule za misheni na za nguvu za wananchi tangu zamani, ingeangukia upande wa walioongezewa kidogo. Shule za kata zilizoenea baada ya 2004 zinashawishi zaidi, lakini nyingi zilisimama pale wananchi walipochanga na kujenga, ilhali Indonesia ilifuata kanuni iliyotoka makao makuu. Kata yenye wazazi wanaochanga ingeweza kuwa na vijana wenye kipato kizuri hata pasipo shule. Ofisa aliyeniletea pendekezo la aina hiyo nilimwomba kwanza aniletee majedwali mawili: uandikishaji wa kata hizo kwa miaka kadhaa kabla ya ujenzi, na mishahara ya wahitimu iliyopangwa kwa umri, kila kundi likilinganishwa na jingine likiwa na umri ule ule.