Ufupisho upi uchague? Mfano wa viazi vya Uporoto

Soma kwanza kifungu hiki, cha aina inayotumika kwenye maswali ya ufahamu ya kuchagua jibu. Sentensi zimepewa namba.

(1) Wakulima wengi wa viazi katika milima ya Uporoto huvuna kwa wakati mmoja. (2) Viazi vikijaa sokoni, bei hushuka. (3) Baadhi yao huviweka nyumbani wakisubiri bei ipande. (4) Hata hivyo, viazi vilivyokaa kwenye mwanga hugeuka kijani, na vilivyolundikwa pasipo hewa huoza. (5) Kwa hiyo ghala lenye giza, ubaridi na hewa ya kutosha humpa mkulima nafasi ya kuchagua siku ya kuuza.

Swali linauliza ufupisho upi unafaa zaidi:

A. Viazi vilivyokaa kwenye mwanga hugeuka kijani.
B. Wakulima huvuna pamoja, ndiyo maana bei ya viazi hushuka.
C. Serikali ijenge maghala ili wakulima wa viazi wasinyonywe kwa lumbesa.
D. Uhifadhi mzuri wa viazi humwezesha mkulima kutolazimika kuuza wakati bei iko chini.

Jibu ni D. Wanaokosa, mara nyingi hukosa kwa sababu wametafuta sentensi ya kweli badala ya sentensi inayobeba kifungu chote. A ni kweli, tena maneno yake yametoka kwenye kifungu karibu yalivyo, na hapo ndipo mtego ulipo. Andika pembeni ya kila chaguo namba za sentensi linazozibeba. A itapata nusu tu ya sentensi ya 4. Ukiifuta nusu hiyo kwenye kifungu, hoja haianguki: bei bado inashuka, viazi bado vinaoza, ghala bado linahitajika. Maelezo yanayofutika bila hoja kuyumba ni maelezo ya kusaidia tu.

B ni ngumu zaidi kuikataa, kwa sababu inabeba sentensi mbili na ina uhusiano wa sababu na tokeo ulio sahihi. Lakini inaishia pale tatizo linapotajwa. Sentensi ya 3 hadi ya 5, yaani jaribio la mkulima, kinachomkwamisha na njia ya kutoka, zote zimeachwa nje. Msomaji anayesoma sentensi mbili za mwanzo kisha akakimbilia majibu huangukia hapa, na mtunzi wa swali analijua hilo.

Kwa C, geuza kazi. Chukua kila wazo lililo ndani ya chaguo, uliulizie sentensi lilikotoka. Maghala yamo katika 5. Serikali? Haimo. Kunyonywa? Hakumo. Lumbesa? Haimo. Mwanafunzi wa Uyole au Makambako ameona magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, kwa macho yake na pengine nyumbani kwao wanayalalamikia, kwa hiyo C inamvuta kwa nguvu kuliko inavyomvuta mtu asiyejua viazi. Anachokijua kuhusu soko kinaweza kuwa kweli tupu, ila mwandishi wa kifungu hakukisema. Tena neno "ijenge" limegeuza maelezo kuwa pendekezo. Kifungu hakimwagizi mtu yeyote afanye kitu.

Hapa kuna tahadhari. Kipimo hiki ni cha mawazo, si cha maneno. "Uhifadhi mzuri" haumo popote kwenye kifungu, na wapo wanafunzi wanaoikataa D kwa sababu hiyo tu. Maneno hayo mawili yamekusanya giza, ubaridi na hewa ya sentensi ya 5, pamoja na makosa yanayotajwa katika 4. "Kutolazimika kuuza" kumetokana na nafasi ya kuchagua siku, na "bei iko chini" imetoka katika 2. Kila wazo lina kwao.

Nyongeza iliyojificha zaidi huwa kwenye kaneno kamoja. Tuseme D ingeandikwa: "Ghala lenye giza humhakikishia mkulima bei kubwa." Mada ni ileile, lakini kifungu kinasema nafasi ya kuchagua, hakisemi hakikisho, wala hakisemi bei itapanda kweli. Maneno kama "kila", "daima", "lazima", "pekee" na "kuliko" yachunguze moja moja. Kama kifungu kimesema "wengi" na chaguo likasema "wote", tayari limeongeza.

Yakibaki machaguo mawili na muda unakwisha, anza na lenye nyongeza, uliondoe. Kati ya mawili yasiyo na nyongeza, chukua linalogusa mwanzo na mwisho wa kifungu. Usichague kwa urefu: chaguo refu mara nyingi ni refu kwa sababu limebeba kitu ambacho kifungu hakikusema.