Mkojo kama chai ya rangi: maswali ya wanaomeza isoniazidi ya kukinga TB

Daktari, sikohoi na makohozi yangu hayajakutwa na TB. Kwa nini napewa dawa?

Vimelea vya TB vinaweza kukaa mwilini vimelala: hukohoi, humwambukizi mtu. Kinga ikishuka, vinaamka. Isoniazidi inavimaliza kabla havijaamka. Mtu mzima anameza miligramu 300 kila siku kwa miezi 6, pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi ya miguu na mikono.

Kabla ya kukuandikia tunauliza mambo manne: kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Jibu kweli. Wapo wanaoficha kikohozi ili wawahi kutoka kwenye foleni. TB iliyokwisha kuamka ikipewa kidonge hiki peke yake inajenga usugu.

Mume wangu amegundulika ana TB ya mapafu. Nyumba nzima tutapewa?

Mlete kwanza mtoto wa chini ya miaka 5, hata kama anacheza na kula vizuri. Akionekana hana TB, anaanzishiwa kinga kwa uzito wake, kama miligramu 10 kwa kila kilo. Anayeishi na VVU naye anastahili akiwa hana dalili hata moja kati ya zile nne, hata kama anameza dawa za kufubaza virusi bila kukosa. Waliobaki waje wachunguzwe, kisha tutaamua kwa kila mtu.

Mwenye homa ya ini kwa sasa, au anayekunywa pombe kila siku, hatumwanzishii. Gongo na mnazi ni pombe pia, tafadhali. Mama aliyejifungua karibuni na mwenye umri mkubwa tunawafuatilia kwa karibu zaidi, maana ini lao linaumia kwa urahisi.

Jirani yangu akiwa kwenye dozi ya TB aliambiwa mkojo kubadilika rangi ni kawaida. Wangu sasa ni kama chai ya rangi. Niendelee kumeza?

Hapana. Acha leo, uje leo.

Dozi ya jirani yako ilikuwa na rifampisini, na hiyo ndiyo inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa. Wanaomeza kinga ya mara moja kwa wiki yenye rifapentini nao huona hivyo. Isoniazidi peke yake haibadilishi mkojo. Ukiwa wa kahawia iliyoiva, ini linalalamika.

Tena mkojo si dalili ya kwanza. Chukua mama wa Mbagala mwenye miaka 38, yuko mwezi wa pili wa dawa. Anaanza kwa kukosa hamu ya kula na kuchoka bila sababu. Harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtia kichefuchefu. Anajiambia ni malaria. Duka la dawa linampa dawa ya malaria bila kipimo, na paracetamoli juu yake, ambayo ikizidi inaliumiza ini hilo hilo. Shangazi analeta mwarobaini. Isoniazidi anaendelea nayo kila asubuhi, kwa sababu tarehe ya kliniki bado. Anafika kwetu macho ya njano, anatapika, ana maumivu chini ya mbavu za kulia.

Angeacha kidonge siku ile chakula kilipomshinda, ini mara nyingi lingepona lenyewe. Wanaoendelea kumeza huku wanaumwa ndio tunaoweza kuwapoteza.

Lakini mnatuambia kila siku tusikatishe dawa. Nikiacha mwenyewe si nitapata usugu?

Usugu tunauhofia kwa mgonjwa wa TB anayekatisha tiba. Wewe uko kwenye kinga, na siku chache bila kidonge hazina madhara hayo. Ukikosa hamu ya kula, ukatapika, ukachoka kupita kawaida, mkojo ukaiva au macho yakawa ya njano: acha isoniazidi, njoo. Usisubiri tarehe, wala Jumatatu.

Njoo na vidonge vyote unavyotumia, vya kienyeji vikiwemo. Dawa za VVU usiziache kwa uamuzi wako. Daktari ataziangalia siku hiyo hiyo.

Mtanipima nini, na vidonge vilivyobaki nimalizie lini?

Damu, kuangalia kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT. Mwenye dalili, kikifika mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, tunasimamisha dawa. Maabara ikiweka kikomo cha 40, ina maana ni kuanzia 120. Asiye na dalili tunasimamisha kikifika mara 5. Ndiyo maana tunakuuliza unajisikiaje kabla ya kusoma namba.

Vilivyobaki virudishe kwetu. Kuna wanaovihifadhi kabatini, macho yakishakuwa meupe wanaanza tena kimyakimya, na ini linaumia mara ya pili. Kama kinga bado inahitajika, daktari ataamua, na huenda akachagua dawa nyingine.